Jino Lililovunjwa na Chapati

Saa nne asubuhi, chai ya ofisini. Chapati moja ya moto, laini kabisa, na maharage ya nazi. Nilitafuna mara mbili, nikasikia kitu kigumu. Nikadhani ni kijiwe kilichopita kwenye maharage. Nilipokitemea kwenye leso kilikuwa cheupe, chenye ncha kali upande mmoja.

Kilikuwa kipande cha gego langu.

Daktari wa meno aliniangalia kinywani kwa muda mrefu kabla hajasema neno. Kisha akanipa kioo cha mkononi, akanionyesha. Chonge zangu, ambazo zilipaswa kuwa na ncha, zilikuwa bapa kama zimepigwa msasa. Ndani ya shavu palikuwa na mstari mweupe ulionyooka mahali meno ya juu na ya chini yanapokutana. Kingo za ulimi zilikuwa na vibonyeo, kimoja kwa kila jino.

"Mama, chapati haivunji jino," akasema. "Hili lilishakuwa na ufa siku nyingi. Unasaga meno usiku?"

Nikamwambia hapana. Sikuwa namdanganya.

Jioni nikamsimulia mume wangu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kwani hujui? Mwanzoni nilidhani kuna panya wanaguguna kabati. Ni tangu mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuamsha, mama. Na usingizi wenyewe huna."

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, ndiyo maana naandika.

## Kazi yenyewe

Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Kazi yangu ni nyaraka. Wanaoijua kazi hii hawahitaji maelezo. Kwa wasioijua, inatosha kusema kwamba kontena likishashushwa, siku zake za bure zinahesabika, na zikiisha kila siku ina bei yake. Herufi moja ikikosewa kwenye hati, mzigo hautoki. Mteja anapiga simu. Dereva aliyekwama mpakani Tunduma naye anapiga, na yeye hana habari kama ni usiku.

Kwa miaka mitatu simu yangu ililala chini ya mto.

Nilikuwa na maumivu ya kichwa kila asubuhi, pande zote mbili, kando ya paji la uso. Nikasema ni macho, nikabadilisha miwani. Sikio la kulia lilikuwa linauma ndani kwa ndani, nikasafishwa, likaonekana halina kitu. Shingo na mabega vilikuwa vimekaza, nikalaumu kiti cha ofisini. Na kila siku, saa tisa usiku, nilikuwa naamka macho makavu, moyo unadunda, nikiwaza hati ya mtu.

Sikuwahi kuyaunganisha haya manne. Kila moja lilikuwa na sababu yake ndogo iliyoniridhisha.

Daktari aliyaunganisha kwa kidole kimoja. Aliniambia niume meno, akanibonyeza kwenye pembe ya taya, kisha kando ya paji la uso. Misuli inayofunga taya inaanzia huko juu, imetandaza kama feni ubavuni mwa kichwa. Akabonyeza tena mbele ya sikio, penye kiungo cha taya. Maumivu yote niliyokuwa nikiyatafutia dawa mahali tofauti yalikuwa ya misuli iliyofanya kazi usiku kucha.

## Moyo hutangulia, taya hufuata

Nilidhani kusaga meno ni tabia ya meno. Nilivyozidi kuuliza na kusoma, nikaona mambo yanaanzia mbali na kinywa.

Usingizi wa mtu yeyote hukatika mara nyingi kwa usiku, kwa sekunde chache tu, bila yeye kujua. Wanaochunguza watu wanaosaga meno huwalaza maabara wakiwa wamebandikwa waya kichwani, kifuani na kwenye taya, na mpangilio wanaouona hurudia rudia. Kwanza mishipa ya fahamu inayouweka mwili tayari kwa hatari huamka. Ubongo unasogea kutoka usingizi mzito kwenda mwepesi. Mapigo ya moyo yanaongezeka. Mwisho kabisa, ndipo taya linabana.

Jino ndilo la mwisho kupata habari.

Ikanisaidia pia kuelewa kwa nini ni saa tisa na si saa sita. Usingizi mzito kuliko wote tunaulala mwanzoni mwa usiku. Ikifika saa tisa sehemu kubwa ya deni la usingizi imeshalipwa, na uliobaki ni mwepesi. Joto la mwili liko karibu na kiwango chake cha chini kabisa, na homoni ya kotisoli, ile inayoutayarisha mwili kuamka, inaanza kupanda taratibu kuelekea alfajiri. Mtu mwenye utulivu hugeuka ubavu wa pili akaendelea. Mimi niligeuka nikakutana na kontena.

Kuna jambo moja nilitamani kulikwepa lakini daktari hakuniruhusu. Msongo wa kazi si sababu pekee. Watu wanaokoroma na kusimama pumzi usingizini nao husaga meno, na nao huamka na kichwa kizito. Kwa hiyo aliniuliza, na akataka mume wangu aulizwe pia: je, nakoroma kwa nguvu? Kuna wakati pumzi inasimama kisha narudi kwa kukurupuka? Mchana nasinzia hata nikiwa kwenye mazungumzo? Majibu yote yalikuwa hapana. Yangekuwa ndiyo, habari hii ingekuwa nyingine kabisa, na hakuna utaratibu wa jioni ambao ungenifaa kabla ya tatizo la pumzi kushughulikiwa.

Alinitengenezea kinga ya usiku, kifaa cha plastiki ngumu kinachovaliwa kwenye meno ya juu. Akasema wazi: "Hii itaokoa meno. Haitakuzuia kusaga."

Nikauliza kinachozuia ni nini.

"Umepima presha lini?"

## Namba za kwenye daftari

Famasi ya karibu na kituo cha daladala walinipima nikiwa nimesimama foleni, mkoba begani, jasho linanitoka: 158 kwa 96. Niliogopa sana. Daktari wa zahanati alisema namba hiyo haimwambii mengi, ila inatosha kunitaka nikapime nyumbani, kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ndio watu wengi tunaukosea, kwa hiyo nauandika wote. Kipimo kiwe cha mkanda wa kwenye mkono wa juu. Nusu saa kabla, hakuna chai wala kahawa wala mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Kaa kimya dakika 5. Kimya maana yake bila kuongea na bila simu. Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 katikati. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha futa siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza mtu huwa na wasiwasi, na utafute wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ndio unaohesabiwa kuwa umepanda.

Wastani wangu wa jioni ulikuwa 134 kwa 84. Wa asubuhi, 142 kwa 90. Ukizichanganya, 138 kwa 87.

Nilitazama tofauti hiyo kwa muda mrefu. Jioni nimetoka kupambana na foleni, wateja na bosi, presha iko chini kidogo. Asubuhi nimetoka kitandani, iko juu. Presha ya mtu anayelala vizuri hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, kisha hupanda anapoamka. Usingizi uliokatikakatika huinyima mishipa mapumziko hayo. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichonipata, kwa sababu kujua kwa hakika kunahitaji kifaa kinachovaliwa saa 24, na mimi sikuvaa. Lakini kwa mara ya kwanza niliacha kujiambia kwamba kazi inanichosha mchana tu.

Ndipo daktari akauliza dawa ninazotumia. Hakuna, nikasema. Akauliza tena, na za kununua mwenyewe je?

Diklofenaki. Kwa ajili ya kichwa, karibu kila siku, miezi minane.

Hakunigombeza, akaeleza tu. Dawa za kundi hilo huufanya mwili ubakize chumvi na maji, na zinaweza kupandisha presha. Zikitumiwa muda mrefu ni mzigo kwa figo na tumbo pia. Aliagiza kipimo cha damu cha figo, cha sukari na cha mkojo, na vyote vilirudi salama. Presha yenyewe aliona haijafika pa kuanza dawa siku ile, akanipa wiki 8 turudie vipimo.

Nilitoka pale nikaketi kwenye benchi la nje. Nilikuwa nabana taya kwa sababu ya kazi. Kubana kukaniletea kichwa, kichwa kikaniletea kidonge, na kidonge kikawa kinasukuma presha ileile ambayo kazi ilikuwa inaisukuma kwa upande wake. Na kila kitu nilikifanya kwa nia ya kuweza kwenda kazini kesho yake.

## Nukta nyekundu

Jambo la kwanza nililolibadilisha ni dogo kiasi kwamba niliona aibu kumweleza mtu. Nilichukua rangi ya kucha nyekundu, nikaweka nukta kwenye kona ya simu. Nyingine kwenye fremu ya kompyuta. Daktari wa meno ndiye aliyenishauri. Kila nikiiona nukta, nijiulize meno yangu yako wapi.

Nilikuwa sijui kwamba meno hayatakiwi kugusana. Ukiwa hutafuni wala humezi, midomo inafumba, meno yanaachana kidogo, na ulimi unatulia juu, nyuma tu ya meno ya mbele. Nilipoanza kuchunguza, siku ya kwanza nilijikuta nimebana karibu kila mara nilipotazama. Simu ikiita, nabana. Nikiandika namba ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7, nabana mpaka nimalize. Nikisikia viatu vya bosi kwenye korido, nabana.

Hapo ndipo hofu yangu ilipogeuka sura. Nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu mtulivu. Wenzangu wananiita jiwe kwa sababu sipandishi sauti. Sauti ilikuwa haipandi kwa sababu nilikuwa nimeifungia humo.

Baada ya wiki tatu hivi, maumivu ya asubuhi yalianza kupungua, na diklofenaki nikaiacha kabisa. Kubana kwa mchana mtu anaweza kukuachisha kwa kukukumbusha. Kwa usiku hakuna nukta ya kutazama, kwa hiyo usiku ulihitaji njia nyingine.

## Kulala kidogo ili kulala

Hili lilinishinda kulikubali. Kwa kuwa nilikuwa sipati usingizi, nilikuwa naingia kitandani mapema ili nijilipe. Saa tatu usiku niko chini ya chandarua, na naamka saa kumi na moja na nusu. Hayo ni masaa 8 na nusu kitandani. Nilipoandika kwenye daftari kwa wiki mbili, usingizi wenyewe ulikuwa masaa 5 na nusu hadi 6. Masaa mengine karibu 3 nilikuwa naitazama dari.

Mwili unajifunza. Ukikaa kitandani macho kwa masaa 3 kila siku, kitanda kinakuwa mahali pa kuwazia, kama kiti cha ofisini.

Daktari aliniambia niache saa ya kuamka palepale, saa kumi na moja na nusu, hata Jumapili, na niingie kitandani saa tano usiku. Masaa 6 na nusu basi. Nikiamka usiku na kuona kama dakika 20 zimepita, bila kutazama saa, nitoke kitandani. Nikae sebuleni kwenye mwanga hafifu, nifanye kitu kisicho na haraka, nirudi usingizi ukinijia. Nilikuwa nakunja nguo za watoto.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilisinzia kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Ningekuwa dereva nisingeijaribu njia hii, na mwenye kifafa au ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia asiiguse bila daktari wake kumsimamia. Wiki ya pili nikaanza kulala mara nilipoweka kichwa. Wiki ya tatu niliamka saa tisa mara mbili tu. Ndipo nikaanza kurudisha muda nyuma, dakika 15 kwa kila wiki niliyolala vizuri. Sasa naingia saa nne na robo.

Kahawa nilihangaika nayo kuliko nilivyotegemea. Jioni, saa kumi na mbili, kuna mzee anapita na birika lake mtaa wa nyuma ya ofisi, na kile kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata ndiyo ilikuwa raha yangu ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huchukua kama masaa 5 kutoka mwilini. Kwa hiyo kahawa ya saa kumi na mbili, ikifika saa tano usiku nusu yake bado inafanya kazi. Sasa nakunywa saa saba mchana. Kwa mzee napita jioni kununua kashata tu, na tunazungumza. Nilipochunguza vizuri, mazungumzo ndiyo niliyokuwa nayafuata.

Na kuna karatasi. Kabla sijafunga ofisi, dakika 5, naandika ninayopaswa kufanya kesho, moja moja: hati ya nani, apigiwe nani, saa ngapi. Nilikutana na utafiti wa mwaka 2018 wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, ambako watu 57 walilazwa maabara. Walioandika kabla ya kulala orodha ya kazi zinazowasubiri walipata usingizi mapema kwa dakika kama 9 kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Ni utafiti mdogo wa usiku mmoja, na ulifanywa na vijana wenye afya, si watu kama mimi. Lakini kipengele kimoja nilikiona kwangu pia: kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mahususi zaidi, ndivyo usingizi ulivyowahi. "Shughulikia bandari" haikunisaidia kitu. Jina la mteja na saa ya kumpigia vilinisaidia.

## Lililonisumbua zaidi

Wakati haya yote yanaendelea nilikuwa na shaka moja ambayo sikuweza kuiondoa. Naweka rangi ya kucha kwenye simu, nakunja nguo usiku wa manane, na ile simu bado iko chini ya mto. Je, sikuwa najifunza tu kuubeba mzigo kwa mkao mzuri zaidi?

Nikahesabu saa zangu za kazi kwa wiki, pamoja na simu za usiku. Zilikuwa 58. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio yao kuhusu wanaofanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki: ikilinganishwa na wanaofanya 35 hadi 40, hatari ya kiharusi iko juu kwa takriban asilimia 35. Kwenye mstari huo hakuna kinga ya meno wala orodha ya jioni.

Nilikwenda kwa bosi na daftari la presha. Sikuenda kulalamika, na nilijua akitaka mtu mwingine atampata wiki hiyohiyo. Nilimwambia kwamba tuko wanne kwenye nyaraka na simu za usiku zote zinakuja kwangu, kwa sababu mimi ndiye ninayezipokea. Nikapendekeza zamu, kila mmoja usiku wake, na madereva wapewe namba moja inayohama.

Alinyamaza. Kisha akaniuliza ni nani aliyeniambia presha inaweza kupanda kwa sababu ya simu. Tulizungumza karibu saa nzima, na nusu ya muda huo tulimzungumzia mama yake.

Zamu ilianza mwezi uliofuata. Usiku ambao si wangu simu inalala sebuleni, juu ya kabati.

Baada ya wiki 8 nilipima tena siku 7 kwa utaratibu uleule: 129 kwa 81. Ukiniuliza kilichoishusha ni nini, sitakupa jibu moja. Diklofenaki ilikuwa imekwisha. Usingizi ulikuwa umeunganika. Zamu ilikuwa imeanza. Chumvi nayo nilikuwa nimeipunguza, na watoto bado wananilaumu kwa hilo. Daktari alisema niendelee kupima wiki moja kila baada ya miezi mitatu, maana presha ikishuka mara moja haijaahidi kitu.

Kinga ya usiku naiosha kila asubuhi kwa maji baridi, kisha naiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mikwaruzo huonekana vizuri ukiigeuza kidogo. Miezi ya mwanzo ilikuwa inaongezeka kila wiki. Sasa huwa inapita wiki mbili, tatu, bila mpya.

Jumanne iliyopita ilikuwa mwisho wa mwezi na zamu ilikuwa yangu. Makontena matatu yalikuwa yamesimama kwa hati moja. Jumatano asubuhi niliiinua kinga dirishani, nikaona mstari mpya, upande wa kulia, mfupi kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Mume wangu alikuwa anafunga vifungo vya shati.

"Nilikusikia," akasema. "Safari hii nikakuamsha."

Sikumbuki kuamshwa.

"Ulisema namba ya kontena, ukageuka, ukalala."